Tafadhali Moja Yatosha

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasomaji wa Magogoni na mitaa jirani ya Kisauni ni hili: "Nimeandika kwa adabu zote, nimeweka tafadhali, nimeshukuru mapema. Mbona sijajibiwa? Au mbona nimejibiwa kwa ukali kama niliyetukana?" Wanaouliza ni wazazi wanaofuatilia fomu za basari, wapangaji wanaomwandikia mwenye nyumba juu ya bomba lililopasuka, na vijana wanaohitaji barua ya chifu ili wakatafute kazi. Wote wanadhani wamepungukiwa na maneno ya adabu, kwa hiyo ujumbe wa pili huwa na tafadhali nyingi kuliko wa kwanza. Hapo ndipo mambo huzidi kuharibika, kwa sababu maneno haya yakirundikwa hayampi heshima mwenye kuombwa. Yanambana.

## Kwa nini maneno ya adabu hubana

Sikiliza neno "tafadhali" linavyotumika majumbani na mitaani. Mama anayemwita mtoto mara ya kwanza hamwambii tafadhali; humwita kwa jina, na akiona hajatii, mara ya tatu ndipo husema, "Tafadhali, njoo hapa." Ukutani huandikwa "tafadhali usitupe taka hapa". Mkopo wa simu ukichelewa kulipwa, ujumbe unaoingia huanza na tafadhali. Wawili wakivunjiana heshima barazani, mmoja huinua sauti, "Tafadhali bwana!" na kila aliye karibu anajua kwamba subira imekwisha. Sikio la Mswahili limelizoea neno hili kama adabu na kama onyo, na linaloamua ni lipi kati ya hayo mawili ni idadi na mahali lilipowekwa. Likija mara moja, ni adabu. Likija mara nne katika ujumbe wa mistari mitano, msomaji anasikia mtu anayemsukuma mgongoni.

"Natanguliza shukrani" na ndugu yake "asante kwa kutangulia" hubana kwa njia nyingine. Shukrani hufuata jambo lililotendeka. Ukiileta kabla, umeshamhesabia mwenzako kwamba atatenda, na akitaka kukataa inambidi kwanza akurudishie asante yako. Ombi lenye adabu huacha mlango wazi wa kusema "siwezi". Shukrani ya mapema huufunga mlango huo huku ikitabasamu. Nalo "kwa hisani yako" lina tatizo lake. Linakiri kwamba unachoomba ni fadhila, jambo ambalo mwenzako ana uhuru wa kulifanya au kuliacha. Ukilifuatisha na "leo kabla ya saa nane", umempa uhuru kwa mkono mmoja na kumpokonya kwa mwingine, na hilo analisikia hata kama hawezi kulieleza.

Kinachosahauliwa ni kwamba Kiswahili kimeshaweka adabu ndani ya kitenzi chenyewe. "Nipe" ni amri. "Unipe" imelainika. "Naomba unipe" imelainika zaidi, na "ungenipa ningeshukuru" imemwachia mwenzako nafasi kubwa kabisa. Hakuna tafadhali hata moja humo. Tanzania bara, "naomba" peke yake hufanya kazi yote hiyo, kuanzia chai ya mkahawani hadi ruhusa ya kazini, na mtu wa huko akisikia "nipe chai" ya mjini Nairobi huhisi amefokewa. Pwani yetu iko katikati: kwa muuza duka tunasema "nipatie unga kilo mbili" na hakuna anayeudhika, lakini kwa mtu tusiyemzoea tunahamia kwenye "naomba". Basi ukiandika "naomba tafadhali kwa hisani yako unisaidie", umelainisha jambo moja mara nne, na msomaji anaanza kujiuliza kuna nini kizito kinachofichwa nyuma ya ulaini wote huo.

## Jua kwanza unaomba kitu gani

Kabla ya kuandika neno lolote, amua ombi lako ni la aina ipi. Ni tatu tu, na kila moja ina lugha yake:

- Hisani. Mwenzako halazimiki. Jirani akubebee mtoto hadi shule, mwalimu akusomee barua ya kuomba kazi. Hapa "naomba" na mlango wa kukataa vinahitajika kweli.
- Kazi au haki. Mwenzako yuko pale kwa ajili hiyo, au sheria inamtaka afanye. Karani wa shule, ofisi ya umma, mwenye nyumba na paa lake linalovuja. Hapa salamu na maelezo kamili vinatosha.
- Agizo. Wewe ndiye mwenye kuamua. Unamwambia fundi uliyemwajiri, au kijana wako wa duka.

Vurugu nyingi hutokea pale agizo linapovishwa nguo za hisani. Mwenye duka anayemwandikia kijana wake, "Tafadhali sana, kwa hisani yako, fungua saa kumi na mbili kesho, asante kwa kutangulia," anajua, na kijana anajua, kwamba hakuna hisani hapo, asipofungua atafukuzwa. Maneno yanakuwa kejeli hata kama mwenyewe hakukusudia. "Kesho tufungue saa kumi na mbili, mzigo wa mkate unaingia mapema. Ukiwa na shida ya usafiri niambie usiku huu" ni agizo la wazi, limetoa sababu, na limemheshimu kijana kuliko tafadhali zote zile.

Upande wa haki, kosa ni la kinyume: mtu anadai kilicho chake kwa sauti ya mwombaji wa msikitini. Nitalirudia hilo baadaye kwa sababu lina gharama kubwa zaidi.

## Ujumbe mmoja, kabla na baada

Tuchukue mzazi wa Magogoni mwenye mtoto katika shule ya bweni nje ya Mombasa. Fomu ya basari ya eneo bunge la Kisauni inarudishwa Ijumaa. Kwa kawaida fomu kama hii hupita kwa chifu au naibu wake na kwa kiongozi wa dini, na huambatanishwa na nakala ya kitambulisho na taarifa ya karo yenye muhuri wa shule. Kila kitu kiko tayari ila hiyo taarifa ya karo. Jumanne asubuhi mzazi anamwandikia mwalimu anayeshughulikia karo:

> Habari ya asubuhi mwalimu, natumai u mzima. Tafadhali samahani kwa usumbufu. Naomba tafadhali kwa hisani yako unisaidie na ile karatasi ya mtoto. Tafadhali ni muhimu sana. Tafadhali nisaidie leo. Asante sana kwa kutangulia, Mungu akubariki. Natarajia jibu lako la haraka.

Hesabu: tafadhali nne, hisani moja, samahani moja, shukrani ya kutangulia moja, na dua. Msomaji anapita maneno 19 kabla ya kufika kwenye neno "karatasi", na akifika hajui ni karatasi gani, ya mtoto yupi, ya kupeleka wapi. Mwalimu mwenye wanafunzi mia kadhaa hawezi kuujibu ujumbe huu bila kuuliza maswali manne. Na kwa kuwa umemalizika kwa "natarajia jibu lako la haraka", amepewa haraka isiyo na sababu. Atauweka kando aushughulikie akipata nafasi, na nafasi haitapatikana kabla ya Ijumaa.

Sasa ujumbe uleule, ukiwa na kazi ya kufanya:

> Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mzazi wa (jina la mtoto), Kidato cha 3 Mashariki, nambari 4127. Fomu ya basari ya Kisauni inarudishwa Ijumaa mchana, imebaki taarifa ya karo yenye muhuri wa shule. Naomba uniandalie, nije kuichukua Alhamisi kabla ya saa sita. Ikiwa Alhamisi hutakuwepo, nijulishe nani mwingine ofisini nimwone.

Tafadhali haimo, na wala haihitajiki. Salamu ipo, na imefuatwa na cheo cha mwalimu. "Naomba uniandalie" imelainishwa mara moja, mahali panapostahili. Haraka ipo, lakini imebebwa na tarehe ya fomu na si na mwombaji, kwa hiyo mwalimu haoni kwamba anasukumwa na mtu. Anaona siku ya mwisho iliyowekwa na wengine. Mzazi amejitolea kusafiri mwenyewe, na sentensi ya mwisho imeacha mlango: mwalimu anaweza kusema "mimi siwezi" bila kuonekana mbaya. Ujumbe wa pili ni mrefu kidogo kuliko wa kwanza. Urefu si kosa, mradi kila neno linampunguzia msomaji swali moja.

Ukitaka kujipima mwenyewe, fanya hivi kabla ya kutuma. Futa tafadhali zote, hisani zote na shukrani zote za mapema. Soma kilichobaki. Kikieleweka na kikasikika chema, tuma hivyo hivyo. Kikisikika kikavu, usirudishe tafadhali. Badilisha kitenzi, "nitumie" kiwe "naomba unitumie", au ongeza sababu. Ukiona baada ya hayo bado panadai tafadhali, weka moja, nayo iwe karibu na kitenzi, kamwe isiwe mwanzoni mwa ujumbe. Tafadhali inayofungua ujumbe husomwa kama tangazo la ukutani.

## Pale ambapo ni haki yako

Watu wengi huandika kwa ofisi za umma wakianza na "mimi mwananchi mnyonge, kwa unyenyekevu mkubwa". Unyenyekevu si aibu, lakini katika barua ya namna hii una madhara ya vitendo: unaigeuza haki kuwa hisani, na hisani haina tarehe ya mwisho.

Chukua mfano wa basari hiyo hiyo. Mkaazi anataka kujua ni vigezo gani vilivyotumika kugawa pesa katika wadi yake. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuitumia. Sheria hiyo inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa hiyo usikubali kuambiwa ukatafute mtu wa kukutafsiria. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Hulazimiki kujitetea kwa sababu, kwani sababu zako haziathiri haki yako. Na ofisi inatakiwa iamue ndani ya siku 21, ingawa inaweza kuongeza muda mara moja, usiozidi siku 14, ikiwa habari ni nyingi.

Barua basi yaweza kusema hivi:

> Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba nakala ya vigezo vilivyotumika kugawa basari katika wadi ya Magogoni mwaka uliopita, pamoja na idadi ya wanafunzi walionufaika na jumla ya pesa zilizotolewa. Nitazichukua ofisini kwenu. Nambari yangu ya simu iko hapa chini.

Angalia kilichoombwa: vigezo, idadi na jumla. Majina ya wanafunzi hayakuombwa, maana faragha ya watu ni sababu halali ya kunyimwa, na ombi lililojumuisha majina humpa karani kisingizio cha kukataa lote. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe ubaki nayo. Siku 21 huhesabiwa kutoka hapo. Ukikataliwa au ukinyamaziwa, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo inayopokea malalamiko, na unatakiwa uyawasilishe ndani ya siku 30 tangu ujulishwe uamuzi. Hizi hatua haziwezekani kama barua yako ilisema tu "tafadhali tunaomba mtufikirie".

## Mtasema: lakini mzee nimwombeje?

Huu ndio wasiwasi wenye uzito zaidi, na sitaki kuupuuza. Pwani, kijana anayemwandikia mzee bila kuonyesha heshima ameharibu kabla hajaomba. Lakini heshima kwa mkubwa haijawahi kubebwa na tafadhali. Imebebwa na salamu, na kumwita kwa nafasi yake: shikamoo, asalaam aleikum, ami, mjomba, shangazi, bi, mwalimu. Imebebwa na "kunradhi" ya kumkatiza, na kumjulia hali kwanza. Hizo usizipunguze hata kidogo. Ninachosema ni kwamba baada ya "Shikamoo ami, habari za nyumbani?", sentensi ya "nilikuwa naomba kesho unipe nafasi ya dakika kumi" imekamilika. Mzee anayeheshimiwa kwa salamu na kisha kurushiwa tafadhali tatu huona kwamba salamu ile ilikuwa chambo.

Kwa walio karibu zaidi, hata shukrani za maneno hupungua zenyewe. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya kila siku ya jamaa na marafiki katika lugha nane, Kiingereza na Kiitaliano zikiwemo, na kuona kwamba mtu akisaidiwa hushukuru kwa maneno takriban mara moja katika 20. Kiswahili hakikuwemo, lakini anayeishi katika nyumba ya familia kubwa hatashangaa. Katika mazungumzo hayo watu walisaidiana sana. Hawakuhitaji kuandikiana risiti.

## Mtasema pia: utafiti unasema shukrani za mapema hufanya kazi

Ni kweli upo. Mwaka 2017 kampuni ya Boomerang, inayotengeneza programu ya barua pepe, ilichambua mazungumzo ya barua pepe zaidi ya 350,000 ya Kiingereza, na yaliyofungwa kwa shukrani za kutangulia yalijibiwa takriban mara 66 katika 100, ilhali wastani wa yote ulikuwa chini ya 48. Takwimu hizo husambazwa kama ushahidi kwamba kila barua iishie hivyo.

Lakini angalia kilichohesabiwa. Ni majibu, si kukubaliwa, na "siwezi" ni jibu. Barua hizo zilitoka kwenye jumuiya za watu wanaosaidiana kutengeneza programu za kompyuta, ambapo swali linatupwa kwa kundi la watu wengi na yeyote asiyetaka kujibu hunyamaza bila kuonekana. Shukrani ya mapema haimbani mtu hapo kwa sababu haina mtu mmoja iliyemlenga. Mwalimu wa bweni, mwenye nyumba au jirani hana maficho hayo. Tena mtu anayefunga barua kwa shukrani aghalabu ndiye mwenye swali; anayefunga kwa salamu tu huenda hakuuliza kitu cha kujibiwa. Kwa hiyo takwimu hizo haziwezi kutuambia kwamba ni shukrani iliyoleta jibu.

Na wanafunzi waliofundishwa kumalizia barua rasmi kwa "natanguliza shukrani" wasihofu. Muundo wa barua rasmi unadai anwani, tarehe, mintarafu, mwili na "wako mwaminifu". Shukrani za mapema si sehemu ya muundo.

## Makosa ya kuangalia

- Kuongeza tafadhali katika ujumbe wa pili. Ongeza habari mpya badala yake, mfano siku ya mwisho iliyokaribia.
- "Kama hutojali" ikifuatwa na saa maalumu. Chagua moja.
- Dua kama malipo. "Mungu atakulipa" kwa mtu ambaye bado hajakubali ni shukrani ya kutangulia kwa nguo nyingine, na nzito zaidi, kwa sababu nani atakataa dua?
- Samahani kwa usumbufu, mwanzoni na mwishoni. Ukisema ni usumbufu mara mbili, msomaji ataamini.

## Ukikumbusha, na ukishukuru

Ukumbusho wa adabu una vitu viwili: rejeo la ujumbe wa kwanza na njia rahisi ya kujibu. "Mwalimu, niliandika Jumanne juu ya taarifa ya karo ya nambari 4127. Nije kesho, au nisubiri?" Swali lenye majibu mawili hujibiwa hata na mtu aliye kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Shukrani uliyoitoa kwenye ombi usiitupe. Iweke ukaitumie baada ya jambo kutendeka, maana hapo ndipo ina nguvu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Adam Grant na Francesca Gino waliwaomba watu wamsaidie mwanafunzi kurekebisha barua ya kuombea kazi, kisha mwanafunzi akaomba msaada wa barua ya pili. Miongoni mwa waliojibiwa bila shukrani, 32 katika 100 walimsaidia tena. Miongoni mwa walioshukuriwa kwa ile ya kwanza, walikuwa 66. Kwa hiyo Alhamisi jioni, fomu ikiwa imekamilika, mzazi wetu aandike: "Mwalimu, nimeipata taarifa na muhuri unasomeka vizuri. Fomu naipeleka kesho asubuhi. Ahsante sana." Na basari ikitoka, amjulishe tena, kwa sababu muhula ujao atahitaji karatasi ile ile kutoka kwa mtu yule yule.